Jina la dini kwenye bahasha ya mchango

Mwishoni mwa Mei 2016, wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani, mabasi ya London, Birmingham, Manchester, Leicester na Bradford yalianza kupita mitaani yakiwa yameandikwa "Subhan Allah" ubavuni. Aliyelipia tangazo hilo hakuwa msikiti wala chama cha siasa. Lilikuwa shirika la misaada liitwalo Islamic Relief, lenye makao yake Birmingham, likiwakumbusha Waislamu wa Uingereza kwamba mwezi wa kutoa zaka umekaribia. Shirika lilisema pia kwamba linataka watu wausikie Uislamu kwa jambo la heri. Wapo waliofurahi, na wapo walionung'unika: tangazo la dini linafanya nini kwenye basi la umma?

Mimi kilichonishika si manung'uniko hayo. Shirika hilohilo, tangu 2005, ni mwanachama wa DEC, umoja wa mashirika makubwa ya misaada ya Uingereza ulioundwa 1963. Likitokea tetemeko la ardhi au njaa kubwa, wanachama wa DEC hawaombi kila mmoja kivyake. Wanatoa tangazo moja kwenye televisheni na redio, fedha zinaingia kapu moja, kisha wanagawana. Katika matangazo hayo hutasikia "Subhan Allah" wala aya ya Biblia, ingawa mezani wamo pia Christian Aid, CAFOD ya Wakatoliki na Tearfund ya Wakristo wa kiinjili. Utaona picha za waathirika, utaelezwa fedha kiasi gani hununua blanketi, utapewa namba ya simu. Mtu asiyeamini Mungu kabisa anatoa pauni zake kumi jioni akiwa kwenye kochi, na senti kadhaa zinaishia mikononi mwa shirika lenye jina la Uislamu.

Basi shirika moja linawezaje kusema na watu hawa wawili, mmoja ndani ya msikiti na mwingine kwenye kochi, bila kuwa ndumilakuwili? Wanaobuni nembo na kaulimbiu hupenda kulijibu swali hili kwa rangi na herufi. Naona wanaanzia mwisho. Jibu linaanzia kwenye daftari la hesabu, na rangi hufuata.

Islamic Relief ilianzishwa 1984 na Dakta Hany El-Banna, daktari kutoka Misri aliyekuwa Birmingham, pamoja na wanafunzi wenzake, wakati njaa ilipoikumba Sudan na nchi jirani. Shirika lenyewe husimulia kwamba mchango wa kwanza ulikuwa sarafu ya peni 20 kutoka kwa mtoto. Michango iliyofuata ilikusanywa misikitini na majumbani, kwa watu ambao hawakuhitaji kuelezwa kwa nini mtu anatoa. Jina lilifanya kazi yote. Kwa Mwislamu wa Birmingham mwaka ule, lilimwambia jambo moja mahususi: hapa kuna watu wanaozijua sheria za mali unayotaka kuitoa.

Na sheria hizo si jambo la pembeni. Chukua mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye, baada ya kutoa madeni, amebaki na shilingi milioni 40 zilizokaa mwaka mzima wa Kiislamu. Kiasi hicho kikizidi nisabu, ambayo kwa kawaida hupimwa kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, anadaiwa asilimia mbili na nusu, yaani milioni moja. Milioni hiyo kwa imani yake si yake tena. Kurani imetaja makundi manane yanayostahili kuipokea, wakiwemo mafukara, wenye madeni, msafiri aliyekwama na wale wanaoifanyia kazi zaka yenyewe. Wanazuoni wengi husema fungu la mafukara ni la mafukara Waislamu, wengine wana rai tofauti. Sadaka ya kawaida haina mipaka hiyo, unaweza kumpa jirani yeyote. Kwa hiyo mfanyabiashara huyu anapokabidhi milioni yake, anamkabidhi mtu wajibu, na akiukosea yeye ndiye atakayeulizwa.

Sasa mweke kando yake mwalimu Mkristo wa Dodoma anayetaka kutuma elfu ishirini kwa waliokumbwa na mafuriko kupitia shirika hilohilo. Swali lake ni jingine kabisa. Anataka kujua kama elfu ishirini yake itajenga madrasa. Hana ugomvi na madrasa, ila siyo aliyokusudia. Mgeuze mfano huo, mweke Mwislamu mbele ya shirika la kanisa, utapata swali lilelile: je, mwanangu wa kumfadhili atapewa daftari au atapewa Biblia?

Maswali hayo mawili hayajibiwi na kaulimbiu yoyote. Yanajibiwa na mifuko iliyotenganishwa. Shirika makini huanza kwa kumwuliza mtoaji, kwenye fomu au kwenye simu, fedha yake ni ya nini: zaka, sadaka, kuchinja, au dharura. Jibu lake linapewa alama kwenye hesabu siku ileile inapoingia, na risiti inayotoka inataja jina la mfuko, si jumla tu. Wahasibu huziita fedha za namna hii fedha zenye masharti, na mkaguzi wa nje huzikagua peke yake. Fedha ya zaka haitumiki kununua gari la ofisi kwa sababu mfuko wa magari ulikauka mwezi Machi. Hata gharama za uendeshaji zina mpaka: yapo mashirika yanayojiwekea kikomo cha sehemu moja kati ya nane ya zaka, kwa hoja kwamba watendaji ni kundi moja kati ya yale manane. Ukikubaliana na hoja hiyo au usikubaliane, angalau imewekwa wazi na unaweza kuijadili na shehe wako.

Kwa upande wa mwalimu wa Dodoma kuna hati ambayo wachangiaji wengi hawajawahi kuisikia. Mwaka 1994 mashirika ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, pamoja na mashirika mengine makubwa, yalitoa kanuni kumi za mwenendo wakati wa maafa. Kanuni ya pili inasema msaada hutolewa bila kujali rangi, imani wala utaifa wa mpokeaji, hitaji ndilo linaloamua. Ya tatu inasema msaada hautatumika kusukuma mbele msimamo fulani wa kisiasa au wa kidini. Haisemi shirika lisiwe na dini. Inasema unga usiwe chambo. Mashirika mengi ya makanisa na ya Kiislamu yameitia saini, na anayetaka kujua kama shirika fulani ni miongoni mwao anaweza kuliuliza moja kwa moja. Likibabaika, hilo nalo ni jibu.

Wapo walioona njia rahisi ni kulivua jina. Mwaka 1938, huko Richmond, Virginia, mchungaji wa Kipresbiteri aitwaye J. Calvitt Clarke alianzisha mfuko wa kuwasaidia watoto wa Kichina walioachwa bila makao na vita vya Japani dhidi ya China. Kazi ilipovuka mipaka ya China, mwaka 1951 mfuko huo ukaitwa Christian Children's Fund, Mfuko wa Kikristo wa Watoto. Kwa zaidi ya miaka hamsini Wamarekani waliufahamu kwa jina hilo, na kwa picha ya mtoto mmoja unayemfadhili kila mwezi. Ndani ya shirika, hata hivyo, mambo yalikuwa yamebadilika taratibu. Halikuwa likihubiri. Lilisaidia watoto wa dini zote na wafanyakazi wake walikuwa wa kila aina. Matokeo yake likalaumiwa na pande mbili kwa wakati mmoja: wafuatiliaji wa huduma za Kikristo wakasema linakula kwa jina la Kristo huku halimtangazi, na wasio Wakristo wakapita kando wakidhani linamtangaza. Mwaka 2009 likajiita ChildFund International, jina lililokuwa tayari likitumiwa na wenzake wa nchi nyingine.

Watu hulisimulia tukio hili kama hadithi ya shirika lililoikana imani yake. Mimi nalisoma vingine. Imani ilikuwa imeshatoka kwenye kazi miaka mingi kabla haijatoka kwenye ubao wa mlangoni, na jina lilikuwa ndicho kitu cha mwisho kusema uongo. Kubadili kwao kulikuwa kusahihisha. Lakini jina jipya nalo lilikuja na gharama yake, kwa sababu kuna mamia ya mashirika yanayosema yanasaidia watoto. Neno "Kikristo" lilikuwa limewatofautisha. Sasa iliwabidi wajieleze upya kwa kila mtu, kuanzia mlangoni.

Historia ya namna hiyo ipo hata Zanzibar. Shirika la Kikuwaiti lililoanzishwa na Dakta Abdulrahman Al-Sumait liliwahi kujulikana kote Afrika kama Africa Muslims Agency, na ndilo lililojenga chuo cha Chukwani ambacho leo kinaitwa kwa jina la daktari huyo. Baadaye shirika lenyewe lilijiita Direct Aid, Msaada wa Moja kwa Moja. Kazi zake za visima, mayatima na vyuo ziliendelea.

Upande wa pili kabisa yupo Compassion International, shirika la kufadhili watoto linalofahamika sana Kenya, Uganda na Tanzania. Hili halijavua kitu. Linafanya kazi kupitia makanisa ya mahali, mtoto anafundishwa habari za Yesu, na kaulimbiu yake imemtaja Yesu waziwazi. Mfadhili hawezi kusema hakuambiwa. Uwazi huo unalipa, maana wafadhili wake ni waaminifu mno, ila nao una bei. Serikali ya India ilipozuia fedha zake za nje zisiingie bila kibali maalumu, Compassion ililazimika kufunga kazi zake huko Machi 2017, na watoto zaidi ya laki moja wakaachwa bila ufadhili wake.

Islamic Relief ilibaki katikati, na katikati si mahali pa starehe. Januari 2016, miezi michache kabla ya mabasi yale, iliripotiwa kuwa benki ya HSBC ilikuwa imekatisha uhusiano wake na shirika hilo, kwa hofu kwamba fedha zinazopelekwa kwenye maeneo ya vita zingeweza kupotelea mikononi mwa wapiganaji. Shirika lenye jina lisilo la dini hupitia ukaguzi kama huo pia, lakini Waislamu wa Uingereza wengi waliamini kwamba jina ndilo lililowaponza. Kisha Agosti 2020 bodi nzima ya wadhamini ikaachia ngazi, baada ya kufichuliwa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi ambayo baadhi ya viongozi walikuwa wameyaandika kwenye kurasa zao binafsi. Hapo ndipo somo gumu la utambulisho linapoonekana. Shirika linaweza kutenganisha mifuko, likatia saini kanuni zote kumi, likasaidia Mkristo na Mhindu bila kuuliza; mjumbe mmoja wa bodi akiandika usiku kile anachokiamini kweli, mchangiaji wa kwenye kochi anajiuliza kama yale mengine yote yalikuwa mapambo.

Tuyaache makubwa, maana shida hii inaumiza zaidi vituo vidogo visivyo na mhasibu wala msemaji. Nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Tanga wakati sista mmoja, mlezi wa kituo cha watoto, alipoingia na bahasha na kipeperushi. Mwenye duka ni mzee wa makamo, kofia ya kiua kichwani, miwani imeteremka puani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sista. Karibu."

Akakisoma kipeperushi mbele na nyuma, bila haraka. Halafu akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa mmeandika 'kueneza upendo wa Kristo kwa watoto'. Sasa hii hela yangu inakwenda kwenye kueneza au inakwenda kwenye unga?"

"Kwenye unga, mzee. Na dawa."

"Basi andikeni unga." Akacheka kidogo. "Na hawa watoto wa Kiislamu mlionao, Ijumaa wanakwenda wapi?"

"Wapo wanne. Maalimu jirani anakuja kuwachukua, wanakwenda madrasa kwake."

"Hilo nalo halimo humu."

Alitoa mchango, na mifuko mitano ya saruji juu yake. Nilikiomba kile kipeperushi nikakisoma nyumbani. Kilikuwa na msalaba mkubwa juu, picha ya watoto wakisali wakiwa wamefumba macho, aya ya Injili kwa herufi za mlazo, na chini kabisa Lipa Namba moja. Hakikuwa na neno hata moja kuhusu kile watoto wanachokula, wanaotibiwa wapi, wala habari ya maalimu. Kwa mwanaparokia ambaye tayari anawajua masista, kinatosha. Kwa mzee wa duka, kila alichohitaji kujua kilikuwa kimebaki kichwani mwa sista.

Kosa la kawaida hapa ni mshauri kuja na kusema: ondoeni msalaba. Ukiuondoa, mwanaparokia atauliza masista wamepatwa na nini, na mzee wa duka hatadanganyika, kwa sababu aliyeleta kipeperushi amevaa shela. Ningeuacha msalaba, ila ningeupunguza ukubwa na kuuweka pale panapoelezwa nani anaendesha kituo: "Kituo hiki kinaendeshwa na masista wa Kanisa Katoliki." Sentensi ya wazi, isiyoomba radhi. Mstari wa pili ungesema kinachofanyika: idadi ya watoto, milo mingapi, shule gani, zahanati ipi. Wa tatu ungesema lile la dini bila kuzunguka: watoto hulelewa katika dini ya wazazi wao, na wa Kiislamu husoma madrasa kwa maalimu wa jirani. Picha ya sala ningeibadilisha na ya jikoni au darasani. Si kwamba sala ni aibu. Picha ya mtoto aliyefumba macho inamwambia mchangiaji kwamba sala ndiyo anayoinunua, na hapo sicho kinachouzwa.

Kisha Lipa Namba zingekuwa mbili. Moja ya chakula, dawa na ada za watoto, ambayo haigusi kitu kingine. Nyingine ya kanisa dogo la kituo na nyumba ya masista, kwa wanaotaka kuchangia hayo, na wapo wengi wanaotaka. Kuna gharama ya kazi hapa: mtu wa kuandika daftari mbili, kupeleka taarifa mbili kila miezi sita, na nidhamu ya kutokopa kutoka mfuko mmoja kujazia mwingine hata bei ya unga inapopanda. Kituo kisichoweza nidhamu hiyo ni bora kibaki na namba moja na kusema wazi kwamba kila kitu kinakwenda pamoja. Mfuko uliotenganishwa kwa maandishi na kuchanganywa kwa siri ni mbaya kuliko kutotenganisha.

Aya ya Injili ningeihamishia kwenye barua inayosomwa parokiani. Hapo ndipo watu wengi hushtuka: si ndiyo hiyo kusema mawili? Mtu anaruhusiwa kusema na mama yake kwa namna moja na kwa bosi wake kwa namna nyingine. Kinachokatazwa ni yale mawili kupingana. Kipimo ninachokitumia ni chepesi. Weka barua ya parokiani na kipeperushi cha dukani juu ya meza moja. Mwite mzee wa duka asome ya parokiani, na mwite mwanaparokia asome ya dukani. Mzee akikuta aya ya Injili, atasema hao ni masista, walitegemewa waseme nini. Lakini akikuta "mwaka huu tumebatiza watoto sita" na wawili kati yao ni wa Kiislamu, umempoteza, na una haki ya kumpoteza. Mwanaparokia naye akikuta kwenye karatasi ya dukani kwamba kituo "hakina uhusiano na dini yoyote", atajiuliza ni lini masista walianza kumkana bwana wao kwa ajili ya saruji.

Dalili za mambo kwenda kombo huonekana mapema, kabla ya fedha kupungua. Ukipiga simu ofisini mara mbili ukauliza kama kituo ni cha dini, na wafanyakazi wawili wakakupa majibu mawili, basi bodi haijawahi kukaa kulizungumza. Nembo ikiwa na msalaba kwenye kalenda ya Krismasi na ikawa haina kwenye andiko la kuombea fedha ubalozini, ndani kuna mtu anayeogopa. Na taarifa za mwaka zikiwa zimejaa neno "maadili" bila kusema ya nani, nahisi kuna kikao kilichoisha kwa kuchoka, watu wakachagua neno lisilomkera yeyote.

Woga huo mara nyingi hauna msingi katika nchi zetu. Mchangiaji wa Ulaya asiye na dini anaweza kutilia shaka shirika lenye msalaba au mwezi kwenye nembo, lakini Garissa au Kigoma anayetiliwa shaka kwanza ni yule anayekuja bila kusema anaamini nini. Agosti 2014 Islamic Relief na Shirikisho la Kilutheri Duniani, ambalo Wakenya wanalijua kwa kazi yake ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, walitia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja katika misaada.  Hakuna upande uliobadili jina wala nembo.